Dai la Bima Linapokwama: Siku 90, Miezi 12, Miaka 6

Dai la bima hukwama kwa njia mbili, na tofauti kati yake ndiyo inayoamua malalamishi yaandikweje na yapelekwe wapi. Njia ya kwanza ni kucheleweshwa: kampuni haisemi hapana, ila kila wiki kuna karatasi moja inayokosekana, afisa mmoja aliye likizoni, au faili moja ambayo “iko kwa meneja”. Njia ya pili ni kukataliwa: kampuni imetoa barua, imetaja sababu, na kwa upande wake imefunga faili. Anayecheleweshwa analalamikia muda, na ushahidi wake ni kalenda. Anayekataliwa analalamikia sababu, na ushahidi wake umo ndani ya hati ya bima yenyewe. Wengi huyachanganya haya mawili katika barua moja ndefu ya hasira, nayo kampuni hujibu lile lililo rahisi kwake.

Nchini Kenya, anayesimamia kampuni za bima ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inayojulikana zaidi kwa herufi IRA. Ilianza kazi mwaka 2007 baada ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, kufanyiwa marekebisho mwaka uliotangulia. Makao yake makuu yako Zep-Re Place, mtaa wa Upper Hill, Nairobi. Kenya haina msuluhishi maalumu wa bima kama walivyo naye majirani zake wa Tanzania, kwa hiyo mlango wa Mamlaka ndio unaogongwa na kila mwenye malalamishi, awe na haki ya kuugonga au asiwe nayo.

Msingi wa malalamishi ya kucheleweshwa ni kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima, kinachoweka siku 90. Watu wengi wameisikia namba hiyo, wakala wa bima huitaja, na redioni hutajwa pia. Kisichotajwa sana ni masharti yanayoandamana nayo. Siku 90 huhesabiwa tangu dai liliporipotiwa, lakini wajibu wa kulipa unasimama juu ya mambo matatu: kampuni iwe imekubali kwamba dai linamhusu, kiasi cha kulipwa kiwe kimejulikana, na anayestahili kulipwa awe ametambuliwa. Likipungua moja kati ya hayo, kampuni ina la kujitetea nalo, na kwa kawaida hujitetea kwa nyaraka. Itasema dai halikukamilika hadi siku ilipoletwa nakala ya leseni, au abstrakti ya polisi, au hati ya umiliki wa gari.

Ndiyo maana katika dai linalosuasua karatasi yenye thamani kubwa mara nyingi ni ile inayoonyesha siku ambayo nyaraka zilipokelewa, kuliko hata nyaraka zenyewe. Mtu anayepeleka makaratasi kaunta bila kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa “imepokelewa” huwa ameiachia kampuni saa ya kuhesabia. Njia isiyo na gharama ni kuandika barua ya ukurasa mmoja inayoorodhesha kila kilichopelekwa na tarehe yake, kisha kuuliza swali moja: je, kuna waraka wowote mwingine unaohitajika? Barua hiyo ikigongwa muhuri, au ikitumwa kwa barua pepe na kujibiwa, kampuni haiwezi tena kudai nyaraka moja moja kwa miezi bila hilo kuonekana. Ikinyamaza, ukimya wenyewe unaingia kwenye faili ya malalamishi.

Kuna mtego mwingine kwa waliokata bima kupitia kwa wakala. Mtu humwambia wakala habari za ajali siku ile ile, akaamini kwamba ameripoti. Wakala naye anaikalia habari hiyo wiki mbili. Kama hati ya bima inataka taarifa ipelekwe kwa kampuni kwa maandishi, na nyingi hutaka hivyo, basi siku ya kuripoti ni ile ambayo kampuni ilipata barua, si ile ambayo wakala alipigiwa simu. Ubishi wa kama taarifa kwa wakala ni taarifa kwa kampuni umefika mahakamani mara nyingi na haujawahi kuwa mwepesi. Barua ya pili, inayokwenda moja kwa moja kwa kampuni, inauepusha.

Malalamishi hayaendi kwa Mamlaka kwanza. Huanzia ndani ya kampuni, si kwa sababu ya adabu tu, bali kwa sababu Mamlaka itauliza kampuni ilisema nini ilipolalamikiwa. Kila kampuni ina afisa au dawati la malalamishi, na hilo si lile linaloshughulikia madai. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Afisa wa madai ndiye aliyefanya uamuzi, na anapoandikiwa tena huutetea. Dawati la malalamishi, au mkurugenzi mkuu, huisoma faili kwa mara ya kwanza. Barua inayofaa hapa ni fupi: namba ya hati ya bima, namba ya dai, tarehe ya tukio, tarehe ya kuripoti, tarehe nyaraka zilipokamilika, kinachoombwa, na siku ambayo jibu linasubiriwa. Siku 14 ni muda wa kawaida ambao hakuna anayeweza kuuita wa pupa.

Jibu likija kuwa hapana, liwe la maandishi. Kukataliwa kwa simu si kukataliwa, ni maoni ya aliyepiga. Barua ya kukataa inapaswa kutaja sharti la hati ya bima ambalo kampuni inadai limevunjwa. Barua inayosema tu kwamba dai “halikidhi vigezo” irudishwe kwa ombi la kutajiwa kifungu. Inafaa pia kuangalia sehemu ya juu ya barua. Kampuni nyingi huandika hapo kwamba barua imetolewa bila kuathiri haki zake. Maana yake ni kwamba kampuni haitaki yaliyomo, hasa ahadi ya kulipa kiasi fulani, yaje kutumiwa dhidi yake baadaye kama ungamo. Barua ya namna hiyo inaweza kuzungumza vizuri sana na bado isiwe imekubali chochote.

Ili kuona jinsi hatua hizi zinavyofuatana, inafaa kuchukua mfano mmoja wa kubuni ulioundwa na mambo yanayotokea kila siku. Mwenye gari dogo la nyumbani, mkazi wa Thika, amekata bima kubwa, ile inayofidia gari lake pamoja na hasara ya watu wengine. Tarehe 2 Machi 2024 gari linagongana na lori na kuharibika kabisa. Tarehe 5 Machi anaripoti kwa kampuni kwa kujaza fomu ya dai, akiwa na abstrakti ya polisi. Mkadiriaji wa hasara anatumwa, anaandika kwamba gari halitengenezeki na kwamba kabla ya ajali lilikuwa na thamani ya shilingi 820,000. Mabaki yanavutwa hadi yadi ya kampuni.

Siku 90 tangu 5 Machi zinaishia tarehe 3 Juni. Siku hiyo inafika na hakuna malipo wala barua. Tarehe 4 Juni mwenye gari ana malalamishi ya kucheleweshwa yaliyo safi kabisa: nyaraka zilipokelewa na muhuri upo, mkadiriaji alishamaliza kazi, na anayestahili kulipwa anajulikana kwa jina na kitambulisho. Anaiandikia kampuni. Tarehe 20 Juni kampuni inajibu, na jibu lenyewe linageuza malalamishi kuwa ya aina ya pili. Dai limekataliwa kwa sababu leseni ya dereva ilikuwa imekwisha muda siku kumi kabla ya ajali.

Wengi hukata tamaa hapa. Leseni ilikuwa imekwisha kweli, na kuendesha gari na leseni iliyokwisha ni kosa la barabarani. Lakini kosa la barabarani na uvunjaji wa mkataba wa bima ni vitu viwili. Hati nyingi za bima ya magari zinazouzwa Kenya zina maneno ya zamani yaliyorithiwa kutoka Uingereza, yanayosema kwamba dereva awe na leseni au awe aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuipata tena. Aliyesahau kulipia leseni yake kwa siku kumi aliwahi kuwa nayo, na hakuna mahakama iliyomzuia. Kwa maneno ya mkataba wenyewe, sharti halijavunjwa. Asiyewahi kufuzu kuendesha, au aliyefutiwa leseni na hakimu, yuko mahali pengine kabisa.

Mwenye gari anapopeleka malalamishi kwa Mamlaka, hayo ndiyo anayoyapeleka: barua ya kukataa, ukurasa wa hati ya bima wenye maneno hayo ukiwa umepigiwa mstari, nakala ya leseni ya zamani, na barua zote mbili alizoiandikia kampuni. Anaeleza kwa nusu ukurasa. Malalamishi ya aina hii ndiyo Mamlaka inayaweza vizuri zaidi, kwa sababu jibu limo ndani ya karatasi. Inaiandikia kampuni, inaitaka ijieleze ndani ya siku inazoipa, na maelezo hayo huyalinganisha na hati. Inaweza kuziita pande zote mbili zikae pamoja. Kampuni inayopata leseni yake ya biashara kutoka kwa mtu yule yule anayeuliza swali huwa makini na jibu lake.

Lakini Mamlaka si mahakama. Hailishi shahidi kiapo, haimhoji dereva, wala haina njia ya kujua nani anasema kweli pale pande mbili zinapotofautiana kuhusu kilichotokea. Tuseme kampuni ingekataa dai kwa kusema gari la nyumbani lilikuwa likibeba abiria kwa malipo. Mwenye gari angesema aliokuwa nao ni ndugu zake. Mpelelezi wa kampuni angeleta taarifa ya mtu anayedai alilipa nauli. Hapo Mamlaka ingebaki na karatasi mbili zinazopingana, na kwa kawaida ingezishauri pande hizo ziende mahali ambapo ushahidi husikilizwa. Hali ni hiyo hiyo kwa madai ya moto yanayoshukiwa kuwasha mwenyewe, kwa wizi unaodhaniwa kupangwa, na kwa ubishi wa kama mgonjwa aliujua ugonjwa wake kabla ya kukata bima. Anayepeleka ubishi wa namna hiyo kwa Mamlaka na kungoja mwaka mzima anapoteza kitu ambacho hakuna atakayemrudishia.

Malalamishi pia hayapokelewi kama jambo hilo hilo tayari liko mahakamani. Mtu achague mlango, kisha auingie.

Katika mfano wa Thika, kampuni inajibu Mamlaka mwishoni mwa Agosti kwamba imelitazama dai upya na inakubali kulipa. Inamtumia mwenye gari vocha ya kukiri malipo ili aitie sahihi, na kiasi kilichoandikwa ni shilingi 640,000. Ni hapa ambapo malalamishi mengi yaliyoshinda hupotea kimya kimya. Hesabu ya kampuni ni hii: thamani ya gari 820,000, kutoa asilimia 5 ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe kwa mujibu wa mkataba, yaani 41,000, zinabaki 779,000. Kisha imetoa 139,000 kama thamani ya mabaki.

Kutoa thamani ya mabaki ni sawa pale mwenye gari anapobaki nayo, kwa kuwa anaweza kuyauza. Mabaki haya yamo katika yadi ya kampuni tangu Machi, na kampuni ndiyo itakayoyauza. Haiwezi kuchukua mabaki na thamani yake pia. Ama mwenye gari alipwe 779,000 na kampuni ibaki na mabaki, ama alipwe 640,000 na mabaki arudishiwe. Vocha yenyewe ina maneno kwamba mpokeaji amelipwa kikamilifu na hana dai jingine lolote kutokana na ajali hiyo. Akishatia sahihi, tofauti ya shilingi 139,000 imekufa, na Mamlaka itaonyeshwa sahihi yake. Anachopaswa kufanya ni kuirudisha vocha bila sahihi, pamoja na barua yenye hesabu hii, na nakala kwenda kwa Mamlaka chini ya namba ile ile ya malalamishi. Anaweza pia kuomba alipwe kile kisichobishaniwa kwanza, kwa vocha inayosema wazi kwamba ni malipo ya sehemu. Kampuni haipendi, lakini ni ombi halali.

Wakati haya yote yakiendelea kuna saa nyingine zinazotembea, na ni muhimu kuelewa kwamba malalamishi kwa Mamlaka hayasimamishi hata moja.

Saa ya kwanza imo ndani ya hati ya bima, karibu na mwisho, mahali ambapo macho ya msomaji huwa yameshachoka. Hati nyingi za bima za magari na mali zina sharti la usuluhishi. Linasema kwamba tofauti kati ya pande mbili zitapelekwa kwa msuluhishi, na mara nyingi linaongeza kwamba kampuni ikikataa dai, na jambo hilo lisipopelekwa kwa usuluhishi au mahakamani ndani ya miezi 12 tangu siku ya kukataa, dai litahesabiwa kuwa limeachwa. Baadhi ya hati huweka muda mfupi zaidi. Sharti hili ni la mkataba, si la sheria ya Bunge, lakini halina nguvu ndogo kwa sababu hiyo. Katika mfano, barua ya kukataa ilitoka 20 Juni 2024, kwa hiyo saa hiyo inaishia 20 Juni 2025. Kama mazungumzo na Mamlaka yangeburuta hadi Aprili, mwenye gari angekuwa amebakiwa na wiki chache tu za kutafuta wakili na kutoa ilani ya usuluhishi, na huenda asijue.

Inashauriwa kuisoma sehemu hiyo siku ile ile barua ya kukataa inapofika, na kuiandika tarehe ya mwisho juu ya jalada la faili. Mazungumzo yakiwa mazuri, kampuni inaweza kuombwa ikubali kwa maandishi kwamba muda huo umesogezwa. Kauli ya mdomo ya afisa kwamba “usijali, tunalishughulikia” haisogezi kitu.

Saa ya pili ni ya sheria. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inampa mtu miaka 6 kushtaki kwa kuvunjwa kwa mkataba, na mkataba wa bima ni mkataba. Miaka 6 inaonekana mingi, lakini kuna utata kuhusu siku inapoanzia. Wapo wanaohesabu kutoka siku ya barua ya kukataa, na kuna hoja ya kuwaunga mkono. Lakini katika bima za kufidia hasara, sheria ya Kiingereza iliyozaa sheria ya Kenya inaichukulia haki ya kudai kuwa ilizaliwa siku hasara ilipotokea. Aliye mwangalifu huhesabu kutoka siku ya ajali: katika mfano, saa hiyo inaishia mapema Machi 2030. Kuhusu jeraha au hasara iliyosababishwa na uzembe wa mtu mwingine, mbali na mkataba wa bima, muda ni miaka 3 tu. Huyu dereva wa lori anayedaiwa kusababisha ajali asisahauliwe wakati kampuni ya bima inapobishaniwa.

Saa ya tatu huanza pale Mamlaka inapotoa uamuzi. Asiyeridhika nao, awe mwenye bima au kampuni, anaweza kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Bima lililoundwa na kifungu cha 169 cha Sheria ya Bima, na muda wa kufanya hivyo ni mwezi mmoja tangu alipojulishwa. Mwezi huo hupita upesi kwa sababu barua za Mamlaka hazisomeki kama hukumu. Huja kama barua ya kawaida inayosema kwamba maelezo ya kampuni yamezingatiwa na kwamba faili imefungwa. Mtu huichukulia kama hatua katika mazungumzo, akajibu kwa barua nyingine, akangoja. Kumbe huo ndio ulikuwa uamuzi. Barua ikiwa na utata, jambo la kufanya ni kuuliza mara moja, kwa maandishi, kama huo ni uamuzi wa mwisho, na wakati huo huo kuhesabu mwezi kana kwamba ndio.

Panapobaki mahakama, kiasi ndicho kinachoamua mlango. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi mwaka 2021, hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Dai la shilingi 779,000 linaingia humo kwa kiasi. Lakini sharti la usuluhishi linaweza kuinuka tena: chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kampuni inaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi ili mkataba ufuatwe, mradi iombe mapema, kabla haijaingia katika utetezi. Kuna kampuni zinazofanya hivyo kwa madai makubwa na kuacha madogo yaendelee, kwa kuwa ada ya msuluhishi inaweza kukaribia dai lenyewe. Kwa dai dogo, barua inayoiuliza kampuni kama inakubali kuliacha sharti hilo ni ya thamani kuliko mashauri marefu.

Kuna malalamishi ambayo hayakupaswa kufika kwa Mamlaka tangu mwanzo. Bima ya afya ya taifa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii haisimamiwi na IRA, na sheria yake ya mwaka 2023 ina jopo lake la kutatua migogoro. Malipo ya uzeeni ni ya msimamizi wa mifuko ya pensheni. Mwendeshaji bodaboda aliyegongwa na gari lenye bima hana mkataba na kampuni ile, ni mtu wa tatu. Kwa kawaida humshtaki kwanza mwenye gari, apate hukumu, kisha ageukie kampuni chini ya Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, ambayo inaweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Sheria hiyo inataka kampuni ipewe ilani ya kesi mapema sana. Wakili anayesahau ilani hiyo humwachia mteja wake hukumu isiyo na mlipaji. Mamlaka inaweza kuisukuma kampuni ilipe hukumu ambayo imeshatolewa na haijakatiwa rufaa, lakini haiwezi kuamua nani alikosea barabarani.

Na kuna kampuni isiyolipa kwa sababu haina cha kulipa. Dalili zake hujulikana: hundi zinazorudi, ahadi ya malipo kwa awamu ambayo awamu yake ya pili haiji, mawakili wa kampuni wanaojitoa kesini. Hapo malalamishi ya mtu mmoja hayasaidii sana, ila Mamlaka inayoyapokea mengi ya aina moja inapata sababu ya kuweka msimamizi wa kisheria katika kampuni hiyo. Msimamizi akiingia anaweza kusitisha malipo yote kwa muda, na kesi dhidi ya kampuni husimama pia. Anayedai anapaswa kujiandikisha kwa msimamizi huyo, na kampuni ikifikia kufilisiwa, kupeleka dai lake kwa Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima. Mfuko huo hulipa hadi kiwango kilichowekwa kwa kila dai, na kinachozidi hapo mtu hukingoja pamoja na wadai wengine.

Kwa wanaoishi karibu na mipaka, linaloamua nchi ya kulalamika ni hati ya bima, si mahali pa ajali. Gari la Voi lililopata ajali ng’ambo ya Taveta, upande wa Holili, linabaki la Mamlaka ya Nairobi kama kampuni iliyolikatia bima imesajiliwa Kenya. Hati iliyotolewa Moshi ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na mwenye hati hiyo ana mlango ambao jirani yake hana. Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009 iliunda ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayesikiliza malalamishi ya wateja dhidi ya kampuni baada ya kampuni kupewa nafasi ya kujibu, kwa madai yasiyovuka kiwango kilichowekwa. Siku na kiwango cha Tanzania si vya Kenya, na anayebeba namba ya 90 kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda mwingine atakuwa amehesabu kwa saa isiyo yake.